Maji Moto Hayana Pumzi: Nusu ya Ukweli Kuhusu Mitambo ya Umeme na Samaki wa Manda

Mwaka ule habari ya mtambo wa makaa ya mawe ilipokuwa gumzo la kila baraza Lamu, mzee mmoja wa Matondoni alinieleza uchafuzi wa joto kwa kutumia ndoo. Tulikuwa ndani ya dau, jua limeshapanda, na kwenye ndoo kulikuwa na samaki wadogo wa chambo ambao yeye hupenda kuwatumia wakiwa hai. Mara ya kwanza nilipowatazama walikuwa wametulia chini. Baada ya muda wakapanda juu, midomo nje, matamvua yanafunguka na kufunga mbio mbio. Mzee akachota maji mapya baharini, akamwaga ya zamani, samaki wakashuka tena chini.

"Mai ya moto hayana pumzi, mwanangu," akasema. "Basi na hao wenye mtambo watatupa ndoo hii hii, ila kubwa."

Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi tangu hapo, na hata waliosoma huisema kwa maneno yao: maji yakipata joto hupoteza oksijeni, samaki wakafa. Ni kweli. Lakini ni nusu ya ukweli, tena ile nusu ndogo. Aliyeishika hiyo peke yake ni rahisi kushindwa kwenye mkutano, kwa sababu mhandisi atamwonyesha kwa tarakimu kwamba oksijeni inayopotea ni kidogo, na tarakimu zake zitakuwa sahihi.

Tuanze na joto lenyewe linakotoka. Mtambo wa makaa huchoma makaa kuchemsha maji, mvuke unasukuma pangaboi, pangaboi linazungusha jenereta. Mvuke ukishatoka kwenye pangaboi lazima ugeuzwe maji tena ili urudi kwenye boila, na hilo hufanyika ndani ya chombo kiitwacho kondensa: maelfu ya mirija myembamba inayopitisha maji baridi ndani huku mvuke ukiigusa kwa nje. Maji hayo baridi ndiyo ya bahari. Hayachanganyiki na mvuke na wala hayagusi makaa. Yanaingia, yanabeba joto, yanatoka. Ukiyaangalia ni masafi, na hapo ndipo watu wengi huuliza uchafuzi uko wapi.

Uko kwenye kiasi. Katika mtambo mzuri wa makaa, kati ya kila sehemu 100 za joto la moto ule, kama 40 ndizo zinazokuwa umeme. Kama 10 hivi hupotelea kwenye bomba la moshi na kwingineko. Sehemu 50 zilizobaki huishia kwenye maji ya kupoza. Si uzembe wa mhandisi. Injini yoyote ya joto lazima itupe sehemu ya joto lake mahali fulani, la sivyo haizunguki.

Mtambo uliokuwa umepangwa kujengwa Kwasasi, bara mkabala na ghuba ya Manda, ulikuwa wa megawati 1,050. Ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Mazingira ikaifuta leseni hiyo, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haukujengwa. Kwa hiyo hesabu zinazofuata ni za mtambo wa karatasini, lakini fizikia haijali kama saruji imemwagwa au la, na mapendekezo ya namna hii yana tabia ya kurudi na jina jipya.

Umeme wa megawati 1,050 kwa asilimia 40 maana yake ni joto la megawati 2,600 hivi tanuruni, na nusu yake, karibu megawati 1,300, ni la kutupwa baharini. Kilo moja ya maji ya bahari huhitaji takriban jouli 4,000 kupanda nyuzi moja. Ukiruhusu maji yapande nyuzi 8 ndani ya kondensa, kiwango cha kawaida kabisa kwa mitambo ya pwani, utahitaji kupitisha kama kilo 40,000 kila sekunde, yaani mita za ujazo 40. Yafikirie yale malori ya kuuza maji yenye tangi la lita 10,000: manne kila sekunde, usiku na mchana, Idi na Maulidi. Huo ni mto, na ni mto ambao haukuwapo.

Sasa turudi kwenye ndoo ya mzee. Tuchukue bahari ya mwisho wa kaskazi, Machi, maji yakiwa nyuzi 29. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida katika joto hilo, yakiwa yameshiba hewa, hubeba kama miligramu 6.3 za oksijeni kwa lita. Yapandishe nyuzi 8, yafike 37, uwezo wao unashuka hadi kama 5.6. Yaani kupungua kwa karibu asilimia 11. Ukiyachanganya na maji ya pembeni hadi yabaki na ongezeko la nyuzi 3 tu, uwezo ni kama 6.0. Mhandisi anakunja karatasi yake: kutoka 6.3 hadi 6.0, ndugu zangu, ndiyo mnataka tuache umeme?

Kama habari ingeishia hapo ningekuwa upande wake.

Lakini samaki hana joto lake mwenyewe. Tafi aliye kwenye maji ya nyuzi 29 ana mwili wa nyuzi 29, na akiwa kwenye maji ya nyuzi 37 mwili wake unafuata. Mwili ukipata joto, kazi zake zote za ndani huenda kasi, hata akiwa amelala: moyo, usagaji wa chakula, ukarabati wa seli. Kanuni ya jumla, inayofanya kazi vizuri kiasi kwa viumbe wa namna hii, ni kwamba mahitaji ya oksijeni huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10. Kwa nyuzi 3 hiyo ni nyongeza ya asilimia 23. Kwa nyuzi 8 ni asilimia 74.

Weka hayo mawili pamoja. Kwenye nyuzi 29 chukulia samaki anahitaji sehemu 1 na maji yana 6.3. Kwenye nyuzi 37 anahitaji 1.74 na maji yana 5.6. Ukigawa, kile alichonacho kwa kila anachohitaji kimeshuka kutoka 6.3 hadi 3.2, yaani nusu. Hata kwa nyuzi 3 tu kimeshuka hadi 4.9, yaani kimepungua kwa zaidi ya moja kwa tano. Ni kama mtu ambaye mshahara wake umekatwa shilingi chache, akasema si neno, huku bei ya unga na mafuta ya taa imekaribia mara mbili. Aliyeutazama mshahara peke yake hataelewa kwa nini nyumba imekosa chakula.

Hapo ndipo mzee wa ndoo alipokuwa sahihi kuliko alivyojua. Samaki wake hawakupanda juu kwa sababu maji yalikuwa yamepoteza ile asilimia 11. Walipanda kwa sababu walikuwa wengi, miili yao imepata joto, wanavuta pumzi kwa kasi, na maji ni yale yale. Walikuwa wanaimaliza.

Kutokana na hili kuna jambo linalopotea kwenye ripoti nyingi: miligramu 3 za oksijeni kwenye maji ya nyuzi 37 si sawa na miligramu 3 kwenye maji ya nyuzi 29. Jedwali linaloonyesha oksijeni bila safu ya joto pembeni yake halijasema lolote kuhusu samaki.

Sasa usiku.

Ghuba ya Manda na mikono yake, Mkanda, hori za kuelekea Pate na Siyu, si bahari tupu. Chini kuna majani ya bahari, na pembeni kuna mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti ya Lamu. Mchana majani yale hutengeneza oksijeni, mara nyingine hadi vipovu vinaonekana vikipanda, na maji yanakuwa na oksijeni kupita kiwango cha kushiba. Jua likizama, kiwanda kinafungwa, lakini wafanyakazi wote wanaendelea kula: majani yenyewe, samaki, kaa, na zaidi ya wote bakteria wa matopeni wanaoozesha majani ya mikoko. Oksijeni inashuka saa baada ya saa na kufika chini kabisa kabla tu ya jua kuchomoza.

Tufanye hesabu ya sehemu moja. Tuseme kila mita ya mraba ya majani na matope yake inatumia gramu moja na nusu ya oksijeni kwa usiku, kiasi ambacho si cha ajabu kwa sehemu za namna hii, na kina cha maji kwa wastani ni mita moja. Basi kila lita inapoteza miligramu 1.5 kufikia alfajiri. Kutoka 6.3 tunabaki na 4.8, na samaki hana shida. Sasa ongeza nyuzi 3. Bakteria nao hufuata kanuni ile ile ya kuongeza mahitaji, hivyo tunaanza na 6.0, tunapoteza 1.85, tunabaki na 4.15. Karibu na mdomo wa bomba, kwenye nyuzi 8, tunaanza na 5.6, tunapoteza 2.6, tunabaki na 3.0. Na samaki anayesubiri asubuhi kwenye hiyo 3.0 anahitaji 1.74 badala ya 1. Ukigawa tena, kutoka 4.8 tumeshuka hadi 1.7, kama theluthi moja.

Nimerahisisha. Upepo hurudisha oksijeni kiasi, na maji hayakai pahali pamoja usiku kucha. Lakini kuna vipindi ambapo upepo haupo na maji hayaendi, na mvuvi yeyote wa hapa anavijua kwa majina. Upepo huisha wakati wa malelezi, kati ya kaskazi na kusi, bahari inapokuwa kama kioo. Na wakati huo ndio maji yenyewe yako kwenye joto lake la juu la mwaka. Maji hayaendi wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa inapokuwa ndogo na mkondo mkandani ni dhaifu.

Na kuna bahati mbaya ya saa. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kilele kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hupinduka: kupwa huangukia karibu na saa kumi, mara moja alasiri na mara moja alfajiri. Kwa hiyo siku ambazo maji yanasafishwa kidogo kuliko siku zote ndizo siku ambazo kupwa kwa alasiri kunakutana na joto la jua lililokusanyika tangu asubuhi, na kupwa kwa alfajiri kunakutana na saa ile oksijeni iko chini kabisa. Ukiongeza ulimi wa maji moto juu ya hapo, umepata siku mbaya. Si kila siku. Siku chache katika kila wiki mbili, na miezi michache ya mwaka. Lakini samaki hafi kwa wastani wa mwaka. Anakufa alfajiri moja.

Maji mafu yana tatizo jingine pia. Maji yaliyotoka kwenye mtambo yakipwa, yanarudi yakijaa, yakiwa bado na joto, na mtambo unayaongezea. Chukua hori ya kilomita za mraba 10 na kina cha mita 5. Megawati 1,300 zikimwagwa humo bila kitu kuondoka, maji yote ya hori yatapanda kama nusu nyuzi kwa siku. Hayatapanda bila kikomo, kwa sababu uso wa bahari uliopata joto hutoa joto zaidi hewani, na hesabu ya kawaida inakomea karibu na nyuzi 3. Bamvua ikija itasafisha. Ila kwa siku zile kadhaa, ile nyuzi 3 si ya mdomo wa bomba tena, ni ya hori nzima.

Maji moto tena ni mepesi, kwa hiyo huelea. Anayevua baada ya mvua kubwa za masika amewahi kuona maji ya mto yakitandaza juu ya maji ya chumvi kama mafuta. Ulimi wa maji moto hufanya vivyo hivyo, ingawa huuoni kwa rangi. Kukiwa na upepo unachanganyika. Kukiwa shwari unakaa kama kifuniko, na maji ya chini yanayotumia oksijeni matopeni hayagusi hewa. Kwa hiyo samaki anaweza kuonewa na joto juu na kukosa pumzi chini, akabaki na mkanda mwembamba wa maji wa kuishi katikati. Kolekole ataogelea aondoke. Aliye ndani ya mtego wa lema hawezi.

Lema ndilo kipimo cha kwanza cha mvuvi, kwa kweli. Malema yanapoanza kutoa samaki waliokufa humo humo bila jeraha, midomo wazi, matamvua yametanuka, na malema ya mbali kidogo yanatoa samaki wazima, jambo hilo linafaa kuandikwa kwenye daftari pamoja na saa, mwezi na hali ya maji. Dalili nyingine ni kaa na pweza wanaoacha mashimo yao mchana na kukimbilia maji ya kina kifupi, au mikizi inayokaa usoni ikihema asubuhi na kupotea jua likipanda. Hiyo ya mwisho hueleza mengi: shida ikiisha jua likichomoza, hapo ni oksijeni. Sumu haijui saa.

Kuna kesi moja ambayo huvuruga kabisa hadithi ya "maji moto hayana pumzi", nayo inafaa kujulikana kwa sababu inaua samaki kwa oksijeni na hewa iliyozidi. Fungua soda iliyokaa juani: inafoka. Gesi ilikuwa imeyeyuka ndani yake, joto limepunguza uwezo wa soda kuibeba, gesi inatafuta njia ya kutoka. Maji ya bahari yaliyoingia kondensa yakiwa yameshiba hewa, yakapashwa nyuzi 8 au zaidi kwa dakika chache, yanatoka na hewa nyingi kuliko yanavyoweza kubeba. Samaki akivuta maji hayo, gesi inaingia damuni na kutengeneza vipovu humo. Utaona vipovu chini ya ngozi ya mapezi na macho yaliyotoka nje. Mwaka 1973 samaki wengi wa jamii ya dagaa wakubwa walikufa namna hiyo kwenye mfereji wa kutolea maji wa mtambo wa nyuklia wa Pilgrim, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Kama mtu angepima oksijeni pale angeipata nyingi na kusema maji ni mazuri.

Watu wanaoishi nchi za baridi husimulia pia kwamba wavuvi hupenda mdomo wa bomba la mtambo kwa sababu samaki hukusanyika pale wakati wa barafu. Si uongo. Lakini samaki wa baridi ana nafasi kubwa juu yake kabla ya kufikia joto linalomuua. Viumbe wa bahari ya kitropiki tayari wanaishi karibu na dari, na ongezeko lile lile linawafikisha pale.

Hilo lilionekana wazi Florida, kwenye ghuba ya Biscayne, mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Mtambo wa Turkey Point ulitoa maji moto kwenye ghuba ya kina kifupi yenye majani ya bahari na mikoko kandoni, mandhari ambayo mtu wa Lamu angeifahamu mara moja. Pale joto lilipozidi la kawaida kwa nyuzi 5 hivi, majani yalikufa na karibu wanyama wote wakatoweka. Kwenye nyuzi 3 au 4 vilipungua, hasa wakati wa kiangazi. Na majani yakifa hasara ni mara mbili, maana oksijeni ya mchana inapotea na mzoga wa majani unaoza ukila ile iliyobaki. Serikali ilishinikiza, na wenye mtambo wakachimba mtandao wa mifereji wenye urefu wa kilomita zipatazo 270 ili maji yapoe kwa kuzunguka nchi kavu badala ya kumwagwa ghubani. Ghuba ikapata nafuu. Mifereji yenyewe, kwa kuwa maji hugeuka mvuke na chumvi ikabaki, ikazidi kuwa na chumvi, na chumvi hiyo baadaye ikaanza kupenya kwenye maji ya chini ya ardhi. Nalitaja hili kwa yeyote wa Hindi au Mokowe anayetegemea kisima.

Njia nyingine ni minara ya kupoza, ambapo maji huzungushwa na kupozwa kwa hewa badala ya kumwagwa. Hupunguza maji yanayochukuliwa baharini kwa sehemu kubwa sana, lakini minara ni ghali na mtambo unapoteza umeme kidogo. Au bomba refu linalopeleka maji nje ya miamba, kwenye kina na mkondo, na kuyatoa kupitia matundu mengi madogo ili yachanganyike haraka: ukichanganya sehemu moja ya maji ya nyuzi 8 zaidi na sehemu tatu za maji ya kawaida, umebaki na nyuzi 2. Kwenye bahari wazi hilo linawezekana. Ndani ya ghuba, sehemu tatu za maji ya kawaida lazima kwanza ziwepo, na siku za maji mafu ndipo zinapokosekana.

Nguvu za nyuklia hazibadilishi chochote hapa, na zinaongeza. Mtambo wa megawati 1,000 uliopendekezwa Uyombo, kusini ya Malindi na jirani na Watamu, ungetoa joto zaidi baharini kuliko ule wa makaa wenye ukubwa wa karibu sawa, kwa sababu mitambo ya nyuklia ya kawaida hugeuza kama theluthi moja tu ya joto kuwa umeme na haina bomba la moshi la kupitishia sehemu ya kinachobaki. Ingekuwa karibu megawati 2,000 majini. Watu wa Uyombo walizungumza sana kuhusu mionzi. Ningewaelewa zaidi kama wangeanza na maji moto, kwa sababu hayo yangetoka kila siku ambayo mtambo unafanya kazi vizuri.

Na sheria? Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo kwamba maji yanayotolewa yasitofautiane na joto la mazingira kwa zaidi ya nyuzi 3. Kwenye karatasi ni kikomo kikali kiasi. Maswali ni mawili: joto la mazingira linapimwa wapi, na saa ngapi. Kama kipimo cha "kawaida" kinachukuliwa ndani ya hori ambayo mtambo wenyewe umeshaipasha nyuzi 2, basi 3 inakuwa 5. Na kama wapimaji wanafika kwa boti saa nne asubuhi, kama wafanyavyo wapimaji wengi kwa sababu wanalala mjini na chai lazima inywewe, watakuta majani ya bahari yanafanya kazi na oksijeni imeshapanda.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mtafiti mmoja aliyekubali kuamka. Tulitoka Lamu mjini saa tisa usiku, mwezi ukiwa nusu, tukafika kwenye hori moja ya mikoko kabla ya saa kumi na moja. Hakukuwa na mtambo, ilikuwa hori ya kawaida. Alikuwa na kipimo cha umeme cha oksijeni, lakini hakukiamini peke yake, hivyo alibeba chupa za kioo za mililita 300 za njia ya zamani ya kemikali. Chupa inazamishwa hadi imejaa bila kubaki povu hata moja, inafungwa chini ya maji. Kisha unaongeza kimiminika cha manganizi, na kingine chenye chumvi ya iodini na magadi makali. Papo hapo machicha yanajitokeza ndani ya chupa. Kama maji yana oksijeni, machicha yanageuka kahawia kama mashapo ya kahawa na kuanza kushuka chini. Kama hayana, yanabaki meupe kama tui. Baadaye unatia asidi, yanayeyuka na kuwa rangi ya chai, na maabara inapima rangi hiyo tone kwa tone hadi iishe.

Tulichukua chupa moja juu na moja chini, karibu na matope. Ya juu ikawa kahawia mara moja. Ya chini tuliimulika kwa tochi muda mrefu: ilikuwa na rangi hafifu ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo tu. Mtafiti akaandika saa, joto, nyuzi 29 na nusu, na kina. Jua lilipochomoza tukanywa chai kwenye boti, na saa nne tukachukua chupa ya tatu mahali pale pale, karibu na matope vile vile. Ilikuwa kahawia kabisa.